Nguzo Ndefu, Nguzo Nene

Mwisho wa mwezi ukifika, katika zahanati za Tanzania kuna mhudumu anayekaa na daftari la wagonjwa wa nje la MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, akijumlisha vistari alivyochora vitano vitano. Wagonjwa huandikwa kwa makundi ya umri. Kuna walio chini ya mwezi 1, wa mwezi 1 hadi chini ya mwaka 1, wa mwaka 1 hadi chini ya miaka 5, wa miaka 5 hadi chini ya 60, na wa miaka 60 na kuendelea. Makundi matano, safu tano, na kwenye karatasi safu zote zinalingana kwa upana.

Umri wenyewe haulingani hata kidogo. Safu ya kwanza imebeba mwezi mmoja wa maisha ya binadamu. Ya nne imebeba miaka 55.

Tuseme hesabu ya mwezi katika zahanati fulani ya kubuni imetoka hivi: watoto wa chini ya mwezi 12, wa mwezi hadi mwaka 66, wa mwaka hadi miaka mitano 144, wa miaka 5 hadi 59 jumla 330, na wazee 48. Wote 600. Kijana anayejua kompyuta anaombwa atengeneze chati ya kubandika ukutani. Anaziingiza namba tano, anabofya, na nguzo tano zinasimama. Ya watu wa miaka 5 hadi 59 imezipita zote kwa mbali. Ya watoto wa chini ya mwezi mmoja ni kisiki tu pale pembeni. Mgeni anayepita anaitazama na kuondoka na picha kwamba zahanati hii ni ya watu wazima, na kwamba vichanga hawaugui.

Hakuna namba iliyokosewa pale. Wagonjwa 330 ni 330 kweli, na atakayeagiza dawa anaihitaji namba hiyo hiyo, kwa sababu dawa huagizwa kwa vichwa. Lakini kwa mtu anayetaka kujua ugonjwa umejikusanya wapi katika umri, chati ile imempotosha. Wale 330 wametoka katika miaka 55. Ukiwagawa, kila mwaka mmoja wa umri umeleta wagonjwa 6. Wale 144 wametoka katika miaka minne, kwa hiyo kila mwaka umeleta 36. Wale 66 wamepatikana katika miezi 11, na kwa kasi hiyo mwaka mzima ungeleta 72. Na wale 12 wa kisiki cha pembeni wamepatikana katika mwezi mmoja pekee. Mwezi ni sehemu moja ya kumi na mbili ya mwaka, hivyo kasi yao ni 144 kwa mwaka wa umri. Nguzo iliyokuwa fupi kuliko zote sasa ndiyo ndefu kuliko zote, na ile iliyokuwa mlima imebaki na urefu wa 6.

Hesabu hiyo ya kugawa idadi kwa upana wa kundi ndiyo inayoitwa msongamano. Walimu wa takwimu huiita idadi ya kila kundi marudio, na kwa hiyo jina kamili ni msongamano wa marudio. Neno lenyewe halina ugeni. Kwa Sensa ya 2022, Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu wapatao milioni 5.4 na Mkoa wa Tabora watu wapatao milioni 3.4. Kwa idadi peke yake, Dar imeipita Tabora kidogo zaidi ya mara moja na nusu. Lakini hakuna aliyewahi kupanda daladala la Mbagala jioni akaamini kwamba huo ndio umbali kati ya mikoa hiyo miwili. Dar ina kilomita za mraba 1,393 hivi, na Tabora inazo zaidi ya 76,000. Gawa watu kwa eneo, na Dar inatoa zaidi ya watu 3,800 kwa kilomita ya mraba wakati Tabora inatoa takriban 45. Msongamano wa marudio ni jambo hilo hilo, ila pale mahali pa kilomita za mraba panakaa miaka, siku, sentimita au shilingi.

Chati inayojengwa juu ya wazo hili ndiyo histogramu, jina ambalo mwanatakwimu Mwingereza Karl Pearson alilitumia katika maandishi yake ya 1895. Watu wengi huichanganya na chati ya nguzo ya kawaida kwa kuwa zinafanana kwa macho. Katika chati ya nguzo ya kawaida, ile ya kulinganisha mahindi, maharage na mpunga, kila nguzo iko peke yake, ina nafasi pembeni yake, na upana wake ni pambo tu. Katika histogramu nguzo zinagusana, kwa sababu chini yake kuna mstari mmoja wa kipimo usiokatika, mfano umri tangu sifuri hadi mwisho. Upana wa nguzo pale una kazi: unaonyesha kundi limeanzia wapi na kuishia wapi. Na idadi ya watu haisomwi kwenye urefu. Inasomwa kwenye eneo, urefu mara upana.

Makundi yote yakiwa na upana mmoja, jambo hili halimsumbui mtu. Nguzo yenye watu mara mbili itakuwa na eneo mara mbili na urefu mara mbili, kwa hiyo urefu na eneo vinasema lugha moja na mwanafunzi anaweza kumaliza sekondari bila kuona tofauti. Taabu huanza siku makundi yanapokatwa bila kulingana, na huko kwenye maisha ndiko yanakokatwa hivyo mara nyingi.

Mfano mzito kuliko wote ni wa vifo vya watoto. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watoto milioni 5.2 walifariki duniani kabla ya kutimiza miaka mitano. Kati yao, milioni 2.4 walikuwa vichanga wa chini ya siku 28. Milioni 1.5 walikuwa na umri wa mwezi 1 hadi 11. Milioni 1.3 walikuwa na umri wa mwaka 1 hadi 4. Hivyo ndivyo takwimu hizi zinavyotolewa, kwa makundi matatu, na hivyo ndivyo zinavyochorwa katika mabango mengi, nguzo tatu zenye unene mmoja. Mtazamaji anaona ngazi ya kawaida inayoshuka taratibu. Ya kwanza ndefu, ya pili fupi kiasi, ya tatu fupi kidogo zaidi.

Sasa chukua karatasi ya grafu ya A4 na penseli. Kwa urahisi wa kuchora, siku 28 zihesabiwe kama mwezi mmoja. Miaka mitano ni miezi 60, na kila mwezi upewe milimita 3 kwenye mhimili mlalo. Kundi la kwanza linapata milimita 3, unene wa njiti ya kiberiti iliyonona. La pili, miezi 11, linapata sentimita 3.3. La tatu, miezi 48, linapata sentimita 14.4. Vyote kwa pamoja ni sentimita 18, na karatasi inatosha.

Kwanza ichore vibaya kwa makusudi. Panda mhimili wima kwa idadi yenyewe, sentimita 5 kwa kila vifo milioni moja. Nguzo ya kwanza ina urefu wa sentimita 12, ya pili 7.5, ya tatu 6.5. Ukiirudisha karatasi nyuma na kuitazama kwa mbali, kinachokaa machoni ni ule ukuta mkubwa wa kulia, wa watoto wa mwaka 1 hadi 4. Eneo lake ni sentimita za mraba 93.6, na la vichanga ni 3.6 tu. Wino wa kundi lenye vifo vichache zaidi umekuwa mara 26 ya wino wa kundi lenye vifo vingi zaidi. Jicho la binadamu hupima wino. Hata ukimwambia asome urefu, litapima wino.

Sasa ichore sawasawa. Gawa kila idadi kwa miezi yake. Milioni 2.4 kwa mwezi mmoja ni vifo milioni 2.4 kwa mwezi wa umri. Milioni 1.5 kwa miezi 11 ni takriban 136,000. Milioni 1.3 kwa miezi 48 ni takriban 27,000. Mhimili wima uwe na sentimita moja kwa kila 100,000. Nguzo ya kwanza inapaa sentimita 24, karibu ikifika ukingo wa juu wa karatasi, nyembamba kama mlingoti. Ya pili inasimama sentimita 1.4 hivi. Ya tatu haifiki hata milimita 3. Imelala kama mkeka kwenye sehemu kubwa ya karatasi.

Hapo ngazi ya kushuka taratibu imetoweka. Mwezi mmoja wa mwanzo una msongamano wa vifo karibu mara 89 ya mwezi wa wastani wa kati ya mwaka wa kwanza na wa tano. Na ukipima maeneo, unakuta sentimita za mraba 7.2, 4.5 na 3.9. Zigawe kwa 3 na zinarudi 2.4, 1.5 na 1.3, zile zile za mwanzo. Kila sentimita tatu za mraba ni watoto milioni moja, popote pale ulipogusa kwenye mchoro. Hiyo ndiyo njia ya haraka ya kumkagua aliyechora: maeneo ya nguzo yakigoma kurudi kwenye idadi zake, ama hakugawa ama aligawa kwa upana usio wake.

Kukosea upana nako ni kosa la kawaida, na huwapata hata watu makini. Chukua lile kundi la "mwezi 1 hadi 11". Mtu anatoa 1 katika 11, anapata 10, anagawa kwa 10. Lakini umri husemwa kwa kipimo kilichotimia. Mtoto wa miezi 11 anaitwa wa miezi 11 hadi siku ya mwisho kabla ya kutimiza mwaka. Kwa hiyo kundi linaanzia mwezi 1 na kuishia mlangoni mwa mwezi wa 12, na upana wake ni 11. Vivyo hivyo "mwaka 1 hadi 4" si miaka mitatu. Ni minne, kwa kuwa aliye na miaka minne na miezi kumi bado anajibu kwamba ana minne. Ukikosea hapo na kugawa milioni 1.3 kwa miezi 36 badala ya 48, unapata 36,000 badala ya 27,000, na umeongeza theluthi nzima ya vifo kwa kuteleza kwenye kutoa tu.

MTUHA imelikwepa tatizo hili kwa busara kwa kuandika "chini ya". Ukiambiwa miaka 5 hadi chini ya 60, hakuna ubishi kwamba upana ni 55.

Vipimo vilivyokadiriwa hadi namba nzima vina desturi nyingine. Urefu wa miche ukipimwa kwa sentimita nzima, kundi la "10 hadi 19" limebeba kila mche kuanzia sentimita 9.5 hadi karibu 19.5, kwa maana fundi aliyepima 9.6 aliandika 10. Upana bado ni 10, ila kingo za nguzo zinasogea nusu sentimita kushoto. Swali la kujiuliza kabla ya kutoa ni moja: kipimo hiki kilipunguzwa hadi kilichotimia, au kilisogezwa hadi kilicho karibu?

Mtu anaweza kuuliza kwa nini yote haya, na wataalamu wasikate makundi sawasawa tangu mwanzo. Jibu liko ndani ya mfano huo huo. Ukiikata miaka mitano kwa mwaka mmoja mmoja, nguzo ya kwanza inapata vifo milioni 3.9, na siri yote ya mwezi wa kwanza inafichwa humo. Ukiikata kwa mwezi mmoja mmoja, unahitaji kujua umri wa kila mtoto kwa miezi hadi miaka mitano, na mama anayeulizwa na karani kuhusu mwanawe aliyefariki miaka kadhaa nyuma anakumbuka vizuri kwamba alikuwa na siku tatu, lakini wa miaka miwili na miezi mingapi, hapo anasema "miwili". Makundi membamba huwekwa pale mambo yanapobadilika upesi, na mapana pale yanapotulia. Ukataji huo ni wa akili. Unadai tu malipo yake, nayo ni kugawa.

Na kuna faida ya pili ambayo wachoraji wengi wa mabango hawaifikirii. Urefu ukiwa ni idadi, yeyote anayepanga makundi anaweza kuichezea picha bila kudanganya hata namba moja. Lile kundi la mwaka 1 hadi 4 lina nguzo ya milioni 1.3. Likate kwa mwaka mmoja mmoja, na ghafla kuna nguzo nne fupi za wastani wa 325,000. Vifo ni vile vile, lakini bango limekuwa la kutuliza. Unganisha makundi mawili ya mwanzo, na nguzo moja ya milioni 3.9 inainuka ya kutisha. Msongamano haukubali mchezo huo. Ukate uunganishe, eneo linabaki lile lile, na urefu hubadilika pale tu ambapo kweli kuna jambo lilikuwa limefichwa ndani ya kundi.

Jambo la namna hiyo lipo katika zile siku 28. Nguzo ya milioni 2.4 ni wastani, kama vile vichanga wanafariki kwa kasi moja tangu siku ya kwanza hadi ya 28. Sivyo. Shirika la Afya Duniani katika makadirio hayo hayo lilieleza kwamba wapatao milioni moja walifariki ndani ya saa 24 za kwanza, na kwamba robo tatu ya vifo vyote vya vichanga hutokea ndani ya wiki ya kwanza. Robo tatu ya milioni 2.4 ni milioni 1.8. Toa ile milioni ya siku ya kwanza, zinabaki 800,000 kwa siku sita zinazofuata, na 600,000 kwa zile siku 21 za mwisho.

Kwa kuwa sasa makundi ni ya siku, kila kitu kigawiwe kwa siku. Siku ya kwanza ina vifo 1,000,000 kwa siku ya umri. Siku ya pili hadi ya saba, takriban 133,000. Kutoka hapo hadi siku ya 28, takriban 28,600. Kutoka hapo hadi mwaka mmoja, siku 337, takriban 4,450. Na katika ile miaka minne, siku 1,461, ni 890 hivi. Zile tatu za mwanzo zikizidishwa kwa siku zake na kujumlishwa zinarudi milioni 2.4 bila kupungua. Hakuna kilichoongezwa. Kundi limefunguliwa tu, na ndani yake mlikuwa na siku moja yenye msongamano zaidi ya mara elfu moja ya siku ya kawaida ya mtoto wa miaka mitatu.

Ngazi ile ya bango, 2.4, 1.5, 1.3, isingemwambia mtu hili hata angeitazama kutwa. Na halikuwa jambo la kitabuni. Wanaofariki siku ya kwanza wengi ni waliozaliwa kabla ya wakati na walioshindwa kupumua walipozaliwa, na kwa hao msaada wa dakika za mwanzo, kumkausha mtoto, kumsisimua, kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa, ndio unaoamua. Mafunzo ya wakunga ya namna hiyo yalijaribiwa katika hospitali nane za Tanzania, na matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha vifo vya ndani ya saa 24 vimepungua kwa asilimia 47. Mtu aliyepanga fedha kwa kutazama makundi mapana angezisambaza sawasawa kwenye miaka mitano.

Ni haki kusema pia kwamba histogramu hiyo ya makundi matano haichoreki. Kwenye mhimili wa sentimita 18 kwa siku 1,826, siku ya kwanza inapata sehemu ya kumi ya milimita, na penseli iliyochongwa vizuri ni nene kuliko hapo. Ukiipa nguzo hiyo urefu wa sentimita 24, nguzo ya mwisho inapata urefu wa sehemu mbili za kumi za milimita. Baadhi ya wachoraji hukimbilia mhimili wa logi, ambao hatua zake ni za mara kumi mara kumi. Nguzo zote zinaonekana, lakini eneo halihesabu tena watu, na jicho linalopima wino linadanganywa upya. Njia ya uaminifu ni michoro miwili, mmoja wa miaka mitano yote na mwingine wa kukuza siku 28 za mwanzo, kila mmoja na mhimili wake. Au jedwali tu, lenye safu ya msongamano kando ya safu ya idadi.

Kikomo kingine kiko kwa wazee 48 wa ile zahanati ya kubuni. "Miaka 60 na kuendelea" haina mwisho, na kundi lisilo na mwisho halina upana wa kugawia. Ukisema linaishia miaka 80, msongamano ni 2.4 kwa mwaka wa umri. Ukisema 100, ni 1.2. Nguzo imepungua nusu kwa uamuzi wa mchoraji peke yake. Wapo wanaofunga kwa umri wa mgonjwa mzee kuliko wote daftarini, wapo wanaofunga kwa 100 kwa desturi. Lolote linafaa mradi limeandikwa chini ya mchoro, na mradi hakuna anayejenga hoja juu ya urefu wa nguzo hiyo. Pia asitokee wa kuuchukua msongamano kama hatari ya kuugua. Wagonjwa 144 kwa mwaka wa umri hawasemi kijijini kuna vichanga wangapi wazima. Ili kuijua hatari lazima kugawa tena, safari hii kwa idadi ya watu wa umri huo wanaoishi katika eneo la zahanati. Katika vifo vya watoto duniani kosa hilo haliumizi sana, kwa kuwa watoto wanaoingia kila umri wanakaribiana kwa wingi. Kwa zahanati yenye vijana tele na wazee wachache, linaumiza.

Kompyuta ndizo zimelieneza kosa la urefu kuliko mwalimu yeyote. Ukiingiza jedwali la makundi ya MTUHA kwenye Excel na kuchagua chati ya nguzo, unapata nguzo tano za unene mmoja, kwa sababu kwa programu hiyo "5 hadi 59" ni jina kama "maharage". Ile chati yake inayoitwa histogramu nayo hukata makundi ya upana mmoja, na haikupi mahali pa kuandika kingo zisizolingana. Anayeitaka sawa hana budi kuongeza safu ya upana na safu ya msongamano kwa mkono, kisha achore nguzo mwenyewe.

Programu ya R, inayotumiwa sana na wanatakwimu na ambayo haiuzwi, ina adabu zaidi. Mtu mwenye orodha ya umri wa wagonjwa kwa miaka anaandika hivi:

```r
hist(umri, breaks = c(0, 1/12, 1, 5, 60, 100), right = FALSE)
```

Ikiona kingo hazilingani, R inachora msongamano bila kuombwa, na kuufanya eneo lote la nguzo kuwa 1, yaani kila nguzo ni sehemu yake ya wagonjwa wote. Lile neno `right = FALSE` linatimiza ile "chini ya" ya MTUHA: mtoto aliyetimiza mwaka 1 kamili anaingia kundi linaloanzia 1. Ukilisahau, R inamrudisha kwenye kundi la nyuma. Na ukiilazimisha ichore idadi kwenye urefu, kwa kuongeza `freq = TRUE`, inatii, lakini inakuandikia onyo:

```
the AREAS in the plot are wrong -- rather use 'freq = FALSE'
```

Maana yake ni kwamba maeneo katika mchoro huu si sahihi, afadhali utumie `freq = FALSE`. Neno maeneo limeandikwa kwa herufi kubwa na walioitengeneza.

Chati za ukutani hazitoi onyo, kwa hiyo msomaji ajikague mwenyewe. Atazame kwanza maandishi ya chini ya nguzo, aone kama makundi yanalingana. Yakiwa hayalingani, aende kwenye maandishi ya pembeni, kwenye mhimili wima. Kama pameandikwa "kwa mwaka", "kwa siku" au "kwa sentimita", kuna mtu aliyegawa. Kama pameandikwa "idadi" tu, achukue kalamu agawe mwenyewe, kuanzia kwenye nguzo fupi kuliko zote.